Sura ya 6: Rundo Hili Linakwenda Wapi?

Somo la taka katika shule zetu nyingi za msingi lina mwendo unaojulikana. Mwalimu anaandika ubaoni maana ya taka, chini yake anachora jedwali lenye safu mbili, taka zinazooza na taka zisizooza, na wanafunzi wananakili. Shule ikiwa na bidii zaidi, ndoo tatu kuukuu zinapakwa rangi na kuwekwa karibu na mlingoti wa bendera, kila moja na maandishi yake. Ijumaa inafika, zamu ya usafi inabeba ndoo zote tatu hadi shimo moja nyuma ya vyoo, zinamwagwa humo, na kiberiti kinawashwa.

Wanafunzi wanaona. Wakishaona mara mbili, wameelewa kwamba kutenganisha taka ni jambo la kuwafurahisha wageni na wathibiti ubora wa shule. Hakuna zoezi la ubaoni litakalofuta fundisho hilo, kwa kuwa wamelipata kwa macho yao.

Kwa hiyo katika sura hii tutaandaa somo kuanzia mwisho. Kabla ya kuandika umahiri mahususi, kabla ya kufikiria zana, mwalimu ajue kila rundo litakalotenganishwa litaishia wapi. Rundo lisilo na pa kwenda lisitengwe kwanza, au litengwe na wanafunzi waelezwe wazi kwamba bado halina pa kwenda, na kwa nini.

Shule yetu ni ya mfano, na nimeiweka Sola, mkoani Simiyu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, yenye kiangazi kirefu na maji ya kuhesabu. Jina lenyewe wengi wa huko wanalihusisha na bwawa la New Sola, pale Zanzui, ambalo mji wa Maswa unalitegemea kwa maji. Hali hizo tatu, yaani pamba, mifugo na ukame, zitaamua mambo mengi katika somo letu, na mwalimu anayenakili andalio lililoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam atakwama mapema.

Jalalani kwanza

Siku moja baada ya masomo, nenda kwenye shimo la taka la shule na viranja wawili na fimbo. Msiguse kitu kwa mikono. Fukua kidogo, tazama, andika. Katika shule ya Sola utakuta majani makavu ya mwarobaini na mchanga mwingi uliozolewa na fagio. Utakuta majivu ya jiko la uji, karatasi za daftari, vifuko vya nailoni vya ubuyu, karanga na barafu, na makopo ya maji na soda. Ukifukua zaidi utaona vizibo vya chupa, labda betri za tochi, na pengine kichupa cha dawa ya pamba ambacho mtoto alikiokota njiani akakichezea.

Sasa chukua kila kimoja na ujiulize kitakwenda wapi kama hakitachomwa humu.

Majani, maganda na mabaki ya chakula yanakwenda kwenye mboji, na shule yenye bustani au miche ya miti ina matumizi yake papo hapo. Karatasi zilizochanwa vipande vidogo na kuloweshwa nazo zinaingia humo. Makopo ya plastiki yana njia mbili: kurudi mtaani kufungia maziwa, asali au mafuta ya alizeti, ikiwa ni safi na yana vifuniko, au kukusanywa hadi apite mnunuzi. Kabla hujamtaja mnunuzi huyo katika andalio, mtafute. Wengi wanaozunguka vijijini kwa baiskeli au pikipiki wanataka chuma chakavu tu, na chupa za plastiki hawazichukui kwa sababu ni nyepesi na njia ya kuzifikisha mjini ni ndefu. Ukigundua hivyo mapema, hutawaahidi wanafunzi fedha ambazo hazipo.

Nailoni ndiyo inayobaki. Hakuna anayeinunua Sola, haiozi, na ng'ombe akiimeza hukaa tumboni ikijisokota na majani. Mchinjaji yeyote wa miaka mingi anaweza kukuonyesha kwa mikono ukubwa wa donge alilowahi kulitoa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, lakini katazo hilo liliacha nje vifungashio vya bidhaa kama vyakula na dawa. Ndiyo maana mama anayeuza ubuyu langoni bado anaufunga katika kifuko kidogo, na ndiyo maana uwanja wa shule bado una nailoni hata baada ya katazo. Wanafunzi wataliuliza hilo, nawe uwe na jibu.

Betri na vichupa vya viuatilifu havimo kabisa katika zoezi la wanafunzi. Wengi tuliosoma shule za vijijini tunakumbuka mawe ya redio yakipondwa, unga mweusi ukachanganywa na majani ili kupaka ubao. Unga ule una manganizi, na haufai kuvutwa na mtoto wala kukaa kwenye kucha zake. Vichupa vya dawa ya pamba ni hatari zaidi. Wakulima wanapata dawa kwa vipimo vya eka, wenyewe wanaziita ekapaki, na baada ya msimu vichupa vinazagaa mashambani na vichochoroni. Kwenye lebo kuna ukanda wa rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Wafundishe wanafunzi kuusoma ukanda huo wakiwa wamesimama hatua mbili nyuma, na kumwita mwalimu. Mwalimu akiokote kichupa kwa glavu, akifungie kwenye ndoo yenye kifuniko, kisha amwone bwana shamba. Taulo za kike nazo zina utaratibu wake na chumba chake, na mtoto asitumwe kuzipekua kwa jina la sayansi.

Kuzika kabla ya kufundisha

Somo lenyewe litachukua vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Lakini ushahidi wake unahitaji wiki sita, na hapa ndipo maandalizi mengi yanapovunjika. Tazama azimio la kazi. Kama mada inaangukia katikati ya Agosti, jaribio lianze mwanzoni mwa Julai, hata kama darasa bado linasoma mada nyingine.

Unahitaji vitu sita vya ukubwa unaolingana, takriban kiganja kimoja: ganda la ndizi, ukurasa wa daftari, kipande cha nguo ya pamba, kipande cha nguo ya polista, kifuko cha nailoni na kizibo cha soda. Pamba nimeichagua makusudi. Mtoto wa Sola ameichuma kwa mkono wake, anajua inavyopimwa na kuuzwa, lakini hajawahi kufikiri kwamba ni mmea uleule unaoweza kurudi udongoni. Hakikisha nguo yako kweli ni ya pamba, maana kanga nyingi za siku hizi zimechanganywa. Mwalimu achome uzi mmoja nje ya darasa: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, polista huyeyuka na kujikunja kuwa kijidonge kigumu.

Kila kitu kitie katika kipande cha wavu wa mfuko wa vitunguu ili kisipotee, kisha zika kwenye kina cha sentimeta 15. Chimba mashimo mawili yanayofanana, yote yakiwa na vitu sita. La kwanza limwagiwe lita moja ya maji kila baada ya siku mbili. Maji ya kunawia mikono yanafaa. La pili liachwe kavu. Weka miiba juu, la sivyo mbwa na kuku watamaliza jaribio lako wiki ya kwanza.

Mashimo haya mawili ndiyo moyo wa somo Simiyu. Vitabu vinasema ganda la ndizi linaoza, na mtoto analiona kila siku ganda lililokauka barabarani tangu Juni likiwa gumu kama ngozi. Nani mkweli? Bakteria na kuvu wanaoozesha wanahitaji maji, na katika udongo mkavu wa kiangazi kazi yao inalala. Wiki ya sita, shimo lenye maji litaonyesha ganda limetoweka au limebaki alama nyeusi, karatasi imevunjika vipande, na pamba ina madoa na inachanika kwa kuivuta kidogo. Shimo kavu litaonyesha mabadiliko machache. Nailoni na polista zitakuwa nzima katika mashimo yote mawili.

Kizibo cha soda kitaleta ubishi, na ubishi huo ni mtamu. Kwenye shimo lenye maji kitakuwa na kutu. Je, kimeoza? Waache wabishane kabla hujasema lolote. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni penye maji, na hakuna kiumbe aliyekila. Kwa hiyo kuna taka zinazobadilika udongoni bila kuoza, na jedwali la safu mbili halitoshi. Hapo unaweza kuwaletea mfupa wa mbuzi na kipande cha chupa, wavipange wenyewe.

Jambo moja litakuharibia matokeo usipolitarajia, nalo ni mchwa. Wanaweza kumaliza karatasi na pamba kwa siku chache, hata katika shimo kavu, na darasa likahitimisha kwamba maji hayana maana. Kuna namna ya kuwatambua. Kitambaa kilicholiwa na mchwa kina matundu yenye kingo za kukatwa na vinjia vya udongo juu yake, huku sehemu iliyobaki ikiwa bado imara. Kitambaa kilichoozeshwa na bakteria na kuvu kina madoa meusi au ya kijani, kimelegea kote na kinatoa harufu ya ukungu. Mchwa hawajaharibu sayansi, kwani nao wanameng'enya selulosi kwa msaada wa vijidudu vilivyo tumboni mwao. Lakini ukitaka kuwatenga, fanya jaribio la akiba ndani ya ndoo iliyowekwa juu ya mawe katika beseni la maji.

Ukiwa na ndoo ya ziada, kaanga udongo kwenye sufuria kuukuu kwa nusu saa, uache upoe ukiwa umefunikwa, kisha zika humo kipande cha pamba na kuulowesha kwa maji yaliyochemshwa. Wiki mbili tatu za mwanzo pamba hiyo itakuwa imara kuliko ile ya udongo mbichi, kwa kuwa vijidudu vingi vimekufa kwa moto. Baadaye tofauti itapungua, maana mbegu za kuvu zinaingia na hewa. Mwambie mwanafunzi anayefungua kifuniko kila siku kuchungulia kwamba yeye ndiye anayeziingiza.

Dakika 80

Darasa la wanafunzi 90 haliwezi kuzunguka shimo moja. Gawanya makundi kumi ya watu tisa, na kila kundi lipewe eneo lake la uwanja lililopimwa kwa kamba. Dakika ishirini za kwanza ni za kukusanya. Watumie vijiti viwili kama koleo au mfuko uliogeuzwa kama glavu, wakung'ute mchanga, na wasifagie. Agizo la kutofagia ni la lazima, kwa sababu fagio huleta udongo mwingi kiasi kwamba mzani utakuwa unapima uwanja.

Taka zote ziletwe kwenye turubai kivulini na zitengwe katika viroba vinne: vya mimea na chakula, karatasi, makopo, na nailoni. Kisha pimeni kwa mizani ya kuning'iniza ya sokoni, ya kilo 10. Mizani ya pamba ya chama cha msingi haifai hapa, maana imetengenezwa kwa magunia na haitauona mzigo wa nailoni.

Tuseme mizani imesoma hivi: mimea kilo 6.5, karatasi kilo 0.8, makopo kilo 0.6, nailoni kilo 0.3. Jumla ni kilo 8.2. Kwa uzito, mimea ni karibu asilimia 79 na nailoni haifiki asilimia 4. Sasa waambie wahesabu vipande. Karatasi 160, makopo 24, nailoni 240. Mimea haihesabiki, iacheni. Kati ya vipande 424 vilivyohesabiwa, nailoni ni zaidi ya nusu.

Uliza darasa: tatizo letu kubwa ni lipi? Watakaotazama uzito watasema majani, watakaotazama vipande watasema nailoni, na wote wana hoja. Uzito unakwambia ukubwa wa shimo la mboji unalohitaji. Idadi inakwambia ng'ombe atakutana na vipande vingapi. Nimeona walimu wakiharakisha hapa ili wafike kwenye hitimisho lililoandikwa kwenye andalio. Usiharakishe. Dakika kumi na tano za ubishi huu zina sayansi nyingi kuliko ufafanuzi wowote wa neno taka.

Baada ya hapo fukueni mashimo, kila kundi lilinganishe vitu vya mashimo yote mawili, na lijaze jedwali lenye safu tatu: kitu, kilivyokuwa, kilivyo sasa. Acha dakika kumi za kunawa kwa sabuni. Zikikosekana kwenye ratiba, watakwenda kunywa uji na mikono ile ile.

Swali la moto

Kutatokea mwanafunzi wa aina hii, hasa kama baba yake ni mkulima makini:

"Mwalimu, umesema tusichome taka. Mbona baba anachoma miti ya pamba kila mwaka, na bwana shamba ndiye aliyemwambia?"

Mwalimu asiyejiandaa atajibu kwamba kuchoma ni kubaya na kuendelea mbele. Lakini mtoto ana haki. Masalia ya pamba huagizwa kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno kwa sababu funza na wadudu wengine wa pamba hujificha humo wakisubiri msimu ujao. Huo ni moto wenye sababu, wa kitu kimoja, shambani. Moshi wake pia si mzuri kwa mapafu, na waambie hivyo.

Moto wa jalala ni mwingine. Kuna mchanganyiko wa majani mabichi, nailoni, makopo na vipande vya nyaya au viatu, na moto wake ni wa chini, unafuka zaidi ya kuwaka. Plastiki isiyoungua sawasawa hutoa masizi na gesi za sumu, na ile yenye klorini, kama ganda la nyaya za umeme na baadhi ya viatu, inaweza kutoa dayoksini ambazo hukaa muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Jivu linabaki na metali zilizokuwemo, na mvua za Novemba zinalipeleka kwenye mkondo, na mkondo unakwenda lamboni. Majivu safi ya jiko la uji yanafaa kiasi kidogo bustanini. Ya shimo la taka hayafai kabisa. Wanafunzi waione tofauti hiyo kwa kutazama majivu yote mawili kwenye vibao viwili: moja laini la kijivu, jingine lenye vidonge vya plastiki iliyoyeyuka.

Kupima walichokielewa

Swali la kutaja taka tatu zinazooza linapima kumbukumbu. Mpe mwanafunzi kitu ambacho hajakiona katika jaribio, kwa mfano soksi kuukuu isiyojulikana ni pamba au polista, kisha muulize: utajuaje kama itaoza, utaizika wapi, na utasubiri muda gani? Jibu zuri litataja maji, litataja kulinganisha na kitu kinachojulikana, na litawakumbuka mchwa. Akisema tu kwamba soksi ni taka isiyooza, bado yuko kwenye jedwali la ubaoni.

Baada ya kengele

Viroba vinne viende mahali pake siku hiyo hiyo, mbele ya macho ya wote. Mboji ipangwe chini ya kivuli, rundo la mita moja kwa mita moja, tabaka la majani makavu na tabaka la maganda au samadi, ikimwagiwa maji hadi konzi moja ikikamuliwa itoe tone moja au mawili. Ikitiririsha maji imezidi, ikipukutika ni kavu mno. Chomeka kijiti katikati. Baada ya siku nne au tano ukikichomoa kiwe na joto. Kikiwa baridi, rundo ni dogo, ni kavu, au limekosa samadi, na katika kiangazi cha Simiyu anza kushuku ukavu. Kama shule haina maji ya kutosha, ahirisha mboji hadi mvua zianze, na hifadhi majani kwenye banda. Ni afadhali hivyo kuliko rundo lililokufa.

Makopo yahifadhiwe kwenye kiroba stoo hadi apatikane wa kuyachukua. Nailoni ipimwe kila Ijumaa na uzito uandikwe daftarini, kisha ihifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko. Kundi moja la wanafunzi, pamoja na mwalimu, waende kwa akina mama wa langoni na kusalimia vizuri: "Shikamoo mama, tunaomba tuzungumze kuhusu vifuko vya ubuyu." Wasiwalaumu, maana biashara ile ndiyo inayonunua daftari za watoto wao. Waulize kama ubuyu na karanga vinaweza kuuzwa kwa kijiko, mwanafunzi akija na kikombe chake cha uji. Baadhi watakubali, baadhi watasema hapana, na barafu haina namna nyingine. Uzito wa Ijumaa ndio utakaoonyesha kama mazungumzo yamebadilisha chochote.

Miradi hii hufa zaidi kwa uhamisho wa mwalimu kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Basi mwalimu mwenzangu, usiibebe kichwani. Acha daftari ofisini likiwa na mchoro wa mashimo yalipo, tarehe ya kuzika, uzito wa kila Ijumaa na namba ya mnunuzi wa makopo, na ulifikishe kwenye kikao cha jumuiya ya ujifunzaji ya shule yako ili angalau walimu wawili walisome kabla hujaondoka.